Katoni mbili zinazojirudia: kusoma picha ya stoki kabla ya kuagiza

Leo nataka kugombana na namba moja tu: 14. Kwenu huenda ikawa 7 au 30, kutegemea programu mliyonayo dukani. Ni ile namba ambayo mauzo hugawanywa nayo ili kupata "mauzo kwa siku", na kutoka hapo mtu anaamua ataagiza katoni ngapi. Msimamo wangu ni huu, nautoa mapema ili asiyekuwa na muda aende zake: mauzo yasigawanywe kwa siku za kalenda. Yagawanywe kwa siku ambazo bidhaa ilikuwa rafuni. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inaweza kuifunga bidhaa nzuri katika oda finyu mwaka mzima bila mtu kugutuka.

Kwanza tukubaliane kazi yenyewe hufanyika vipi. Maduka mengi hapa Kenya siku hizi yana programu ya kuuzia, iwe kwenye tarakilishi iliyo kaunta au kwenye simu. Lakini anayeagiza mzigo mara nyingi si yule anayeuza. Mwenye duka yuko shambani, au yuko kazini mjini, na kijana wa kaunta anampigia picha ya skrini orodha ya stoki na kumtumia kwa WhatsApp Jumapili jioni. Pamoja nayo anatuma mauzo ya wiki mbili zilizopita. Jumatatu asubuhi mwenye duka anampigia msambazaji, Jumatano gari linaleta mzigo. Kuna watu wa fani yangu wanaoucheka utaratibu huu, wakisema kila kitu kingekuwa kwenye mfumo mmoja. Mimi siucheki. Picha moja na orodha moja ya mauzo vinatosha kabisa kutoa oda nzuri, mradi ujue picha inasema nini na inaficha nini.

Tuchukue duka moja la mtaani, Nakuru. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini zimekaa kama zinavyokaa dukani. Picha imepigwa Jumapili usiku baada ya kufunga. Inaonyesha hivi:

```
Item            Qty
Unga 2kg         31
Sukari 1kg       26
Mishumaa pkt      9
Sabuni ya mche   14
```

Orodha ya mauzo ya siku 14 inasema unga pakiti 154, sukari pakiti 110, sabuni miche 42, mishumaa pakiti 12, na mafuta ya kupikia ya lita 1 chupa 48.

Ngoja kidogo. Mafuta yako wapi kwenye picha?

Hayapo. Na hapa ndipo penye somo la kwanza kuhusu picha za skrini. Programu nyingi zina kitufe cha kuficha bidhaa zilizoisha ili orodha isiwe ndefu. Kijana wa kaunta alikibonyeza miezi mitatu iliyopita, akasahau. Kwa hiyo bidhaa inayohitaji kuagizwa kuliko zote ndiyo pekee isiyoonekana. Wakati mwingine sababu ni nyepesi zaidi: skrini ya simu ni fupi, picha ikakatika mstari wa mwisho. Kwako wewe unayetazama, hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Dawa yake ni kubadili mahali pa kuanzia. Usianze na orodha ya stoki ukashuka nayo. Anza na orodha ya mauzo, kisha kwa kila bidhaa iliyouzwa tafuta mstari wake kwenye picha. Ikikosekana, kuna majibu mawili tu: imeisha, au picha imekatwa. Uliza. Swali moja la "mafuta yamebaki ngapi?" linachukua nusu dakika.

Kuna mambo mengine mawili ya kukagua kwenye picha kabla ya kushika kikokotoo. La kwanza ni kipimo. Unga 31 ni pakiti au belo? Belo la unga wa kilo mbili mbili lina pakiti 12, kwa hiyo ukikosea hapo umekosea mara 12. Linganisha na mauzo: duka linalouza pakiti 11 kwa siku haliwezi kuwa na belo 31 nyuma ya kaunta bila mtu kulijua. La pili ni namba hasi. Ukiona -3, haina maana kwamba una upungufu wa vitu vitatu. Maana yake ni kwamba mzigo uliingia dukani na kuuzwa kabla ya kuandikwa kwenye programu, kwa hiyo namba hiyo haijui kitu chochote. Usiiweke kwenye hesabu. Mwambie kijana akahesabu kwa mkono.

Haya, sasa hesabu. Vyuoni tulifundishwa kanuni ya Ford Whitman Harris ya mwaka 1913, ile ya kutafuta kiasi cha kuagiza kinachopunguza jumla ya gharama za kuagiza na za kuweka mzigo. Ni kanuni nzuri yenye kipeuo cha pili, na inapendeza ubaoni. Lakini inaanza kwa kudhani kwamba unajua bidhaa inatakiwa kiasi gani na kwamba kiasi hicho hakibadiliki. Duka la mtaani halina shida ya kipeuo. Gari linakuja Jumatano, upende usipende. Shida yake ni kile ambacho Harris alikichukua kuwa kinajulikana: watu wanataka ngapi kwa siku?

Kwa duka kama hili maswali ni mawili tu. Gari likifika Jumatano, rafuni patakuwa pamebaki ngapi? Na kuanzia hapo, nahitaji ngapi ili nifike Jumatano inayofuata nikiwa na akiba kidogo mkononi?

Tuanze na unga, ulio rahisi. Uliuzwa pakiti 154 kwa siku 14 na haukuwahi kuisha, kwa hiyo kasi yake ni 11 kwa siku. Zimebaki 31. Jumatatu na Jumanne zitauzwa kama 22, hivyo gari litakuta 9. Kuanzia Jumatano ninahitaji siku 7, pamoja na siku 2 za tahadhari, jumla siku 9. Siku 9 kwa pakiti 11 ni 99. Toa zile 9, zinabaki 90. Gawa kwa 12 upate belo 7 na nusu. Msambazaji hauzi nusu, kwa hiyo belo 8.

Siku mbili za tahadhari nimezitoa wapi? Kutoka kwenye tabia ya gari. Kusanya hati za kupokelea mzigo za miezi miwili uone huchelewa vipi. Kama huchelewa siku moja mara kwa mara, siku mbili zinatosha kubeba ucheleweshaji huo na siku moja yenye wateja wengi. Kama msambazaji wako anaweza kupotea wiki nzima, tahadhari yako haina budi kuwa kubwa zaidi.

Kosa ambalo watu hulifanya hapa ni kuagiza mzigo wa siku 7 kwa sababu gari linakuja kila baada ya siku 7, huku wakitoa stoki yote ya Jumapili kana kwamba itakaa ikingoja hadi Jumatano. Haitakaa. Itauzwa Jumatatu na Jumanne. Ukifanya hivyo kwa unga unapata 77 toa 31, yaani 46, belo 4. Belo 4 ni pakiti 48. Ukiongeza zile 9 zilizobaki unakuwa na 57, na kwa kasi ya 11 zinaisha Jumatatu kabla ya kufunga. Jumanne nzima huna unga.

Sasa tuje kwa mafuta, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Chupa 48 kwa siku 14. Gawa, upate kama 3.4 kwa siku. Kwa wiki ni 24. Katoni ina chupa 12, kwa hiyo katoni 2 kwa wiki. Angalia jinsi namba zinavyokaa vizuri! Ukirudi nyuma wiki nane utaona mambo ni yale yale: chupa 24, 24, 24. Mtu yeyote akiona mstari ulionyooka hivyo atasema hii ndiyo bidhaa tulivu kuliko zote dukani, agiza katoni 2 ukalale.

Lakini fungua mauzo ya kila siku. Yako hivi, kuanzia Jumatatu:

```
Wiki 1:  0  0  7  6  5  6  0
Wiki 2:  0  0  6  7  6  5  0
```

Katoni 2 zinafika Jumatano asubuhi. Jumamosi usiku zimekwisha. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hakuna kitu. Bidhaa ilikuwa rafuni siku 8 tu kati ya 14, na katika siku hizo 8 iliuzwa chupa 48. Kasi yake ni 6 kwa siku, si 3.4.

Umeona mtego? Duka lililetewa katoni 2, likauza katoni 2, likaagiza katoni 2. Ule utulivu wa 24 kila wiki ulikuwa utulivu wa oda yako mwenyewe ukirudi kwako kama mwangwi, nawe ukadhani ni sauti ya wateja. Hakuna programu itakayokuamsha, kwa sababu kila namba iliyomo ni sahihi. Mauzo ni sahihi, stoki ni sahihi, kugawanya ni sahihi. Kilichokosekana ni wale watu waliokuja Jumapili jioni wakiulizia mafuta wakaambiwa yamekwisha. Hao hawana risiti, kwa hiyo kwenye tarakilishi hawakuwahi kuzaliwa.

Pima hasara. Siku 3 kwa wiki, chupa 6 kwa siku, ni chupa 18 ambazo hazikuuzwa, dhidi ya 24 zilizouzwa. Kwa mwaka ni chupa 936. Na mteja aliyefuata mafuta duka jirani haondoki na mafuta peke yake. Anachukua na unga huko huko, unga ambao wewe ulikuwa nao.

Niliwahi kumweleza jambo hili mama mmoja mwenye duka. Akanitazama akasema, "Kijana wangu, hiyo mafuta huisha kila mara, hilo nalijua. Lakini tarakilishi inasema nauza 24." Alikuwa na habari zote mbili kichwani, na akaiamini ile yenye desimali. Sikumlaumu. Wanaostahili lawama ni sisi tunaoandika programu, tunaoweka neno "wastani" juu ya safu bila kusema wastani wa siku zipi.

Sasa tupige hesabu ya mafuta upya. Jumapili usiku ni sifuri, kwa hiyo gari litakuta sifuri. Angalia vizuri hapa: haitakuta hasi 12. Wateja wa Jumatatu na Jumanne wameshaenda, hawatarudi Jumatano kudai chupa zao. Kwa hiyo hatuwaongezi kwenye oda. Siku 9 kwa chupa 6 ni 54. Gawa kwa 12, ni katoni 4 na nusu, yaani katoni 5.

Mwenye duka akisikia katoni 5 badala ya 2 anashtuka, na ana haki ya kushtuka, maana fedha ni zake. Basi tufuatilie. Chupa 60 zinaingia Jumatano. Kufikia Jumapili usiku, siku 5, zimeuzwa 30, zimebaki 30. Gari lijalo litakuta 18. Nahitaji 54, toa 18, inakuwa 36: katoni 3. Kwa hiyo 5 ni za mara ya kwanza tu, za kujaza akiba ambayo haikuwahi kuwapo. Baada ya hapo oda inatulia kwenye katoni 3 au 4.

Je, kama nimekosea, na kasi ya kweli si 6? Inawezekana sana. Siku nne zenye mauzo ni Jumatano hadi Jumamosi, na huenda Jumamosi ina watu wengi kuliko Jumatatu. Tena baadhi ya walionunua Jumatano walikuwa wamengoja tangu Jumapili. Kwa sababu hizo 6 inaweza kuwa imezidi kidogo. Tuseme kweli ni 4. Basi kufikia Jumapili zitakuwa zimeuzwa 20, zimebaki 40. Gari litakuta 32, nahitaji 36, naagiza katoni 1. Kosa limejirekebisha ndani ya wiki moja, na mafuta hayajaoza.

Hapa ndipo ninaposimama kwa miguu yote miwili. Kosa la kuagiza zaidi hujitangaza lenyewe: linakaa rafuni, unaliona, na picha ya Jumapili ijayo inalitaja kwa namba. Kosa la kuagiza pungufu hujificha, kwa sababu linafuta ushahidi wake. Ukiagiza 2 kwa bidhaa inayotaka 3 na nusu, namba za wiki ijayo zitakuambia ulikuwa sawa. Ndiyo maana mimi husema mabaki ya Jumanne usiku si uzembe. Ndiyo njia pekee ya kujua kwamba umewaona wateja wote.

Utajuaje siku ambazo bidhaa haikuwapo, kama una picha moja tu? Njia bora ni kupiga picha ya stoki kila usiku, na picha 14 ndizo zitakazokuambia. Ukikosa hizo, tumia sifuri za mauzo, lakini kwa akili. Bidhaa inayouzwa 6 kwa siku, kama wateja wanakuja kila mmoja kwa wakati wake, itapata siku ya sifuri kwa bahati tu karibu mara 1 katika siku 400. Kwa hiyo ukiona sifuri tatu mfululizo kwenye mafuta, usiseme "biashara ilikuwa baridi". Yalikuwa yameisha. Lakini bidhaa inayouzwa moja kwa siku mbili, kama betri za saa, itakuwa na sifuri kama siku 61 katika kila 100 hata ikiwa rafuni muda wote. Ukizitoa siku hizo utadhani inauzwa mara mbili zaidi, na utajaza stoo betri. Kwa hiyo kanuni ya sifuri ni ya bidhaa zinazokwenda mbio tu.

Sifuri ina maana nyingine pia. Tazama mishumaa: picha inasema 9, lakini fungua mauzo ya kila siku uone kwamba pakiti zote 12 ziliuzwa siku 6 za kwanza, kisha sifuri siku 8. Bidhaa iliyokuwa ikienda mbili kwa siku imesimama ghafla na stoki ipo? Mara nyingi stoki haipo. Imeibwa, imeliwa na panya, iko nyuma ya magunia, au iliandikwa mara mbili wakati wa kupokea. Programu itaendelea kusema 9 hadi mwisho wa dunia na haitapendekeza uagize. Mwambie kijana aweke mkono rafuni kabla hujaamini.

Upande wa pili uko sukari. Pakiti 110 kwa siku 14, haikuisha, kwa hiyo karibu 7.9 kwa siku. Lakini ukifungua risiti unakuta moja ya pakiti 40: kulikuwa na matanga jirani. Toa hiyo, zinabaki 70, kasi ni 5. Gari litakuta 16, nahitaji 45, naagiza 29. Belo lina pakiti 20, kwa hiyo belo 2. Ukiacha ile risiti ndani, hesabu inatoa pakiti 60.4, ambazo tarakilishi itazipandisha hadi belo 4 kwa sababu ya hiyo 0.4 tu. Belo mbili za ziada kwa sababu ya matanga yaliyokwisha pita. Njia rahisi ya kugundua jambo hili ni kupanga mauzo ya siku 14 kutoka dogo hadi kubwa na kutazama ya katikati. Ikiwa wastani uko mbali juu ya namba ya katikati, kuna risiti moja kubwa imejificha ndani.

Kwa wanaopenda jedwali, weka kasi kwenye safu ya B, stoki C, mzigo ulioagizwa ambao haujafika D, na idadi ya vipande kwenye katoni E. Fomula ni hii:

```
=ROUNDUP(MAX(0, 9*B2 - MAX(0, C2-2*B2) - D2)/E2, 0)
```

Ile 2 ni siku za kungoja gari, na 9 ni siku 7 na tahadhari 2. Badilisha kulingana na msambazaji wako. `MAX` ya ndani ndiyo inayozuia kuwaagizia wateja waliokwisha ondoka. Safu ya D isisahauliwe: mzigo wa wiki jana ambao haujafika, ukiagizwa tena, utafika mara mbili. Na kasi kwenye B iwe mauzo gawa kwa siku za rafuni, ukihesabu siku ambayo bidhaa iliisha mchana kuwa nusu. Ikitokea `#DIV/0!`, usiifiche. Inakuambia bidhaa haikuwa rafuni hata siku moja, na hapo jibu halimo kwenye tarakilishi. Waulize wanaokaa kaunta.

Kuna pingamizi nazikubali. Mkate na maziwa freshi haviwezi kufuata ule moyo wangu wa kuacha mabaki, kwa sababu mabaki yake yanatupwa. Kwa hivyo tahadhari iwe ndogo, hata sifuri, lakini kugawanya kwa siku za rafuni kunabaki pale pale, na mkate ulioisha saa nne asubuhi ni nusu siku au pungufu. Pili, wiki mbili zilizopita hazijui kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu au kwamba mishahara imeingia. Mwenye duka anajua. Basi aibadilishe kasi kwa mkono, aandike 8 badala ya 6, na fomula iendelee na kazi yake. Kinachofaa kubadilishwa ni kasi, si jibu la mwisho, ili wiki ijayo ajue alibadilisha nini.

La tatu ni fedha. Oda yote ikizidi kilichomo mfukoni, usikate bidhaa ya mwisho kwenye orodha kwa sababu tu iko mwisho. Punguza siku za tahadhari kwa zote, kutoka 2 hadi 1, uhesabu upya. Ule unga utatoka belo 8 hadi 7, mafuta yatatoka katoni 5 hadi 4, na hakuna rafu itakayokuwa tupu Jumapili.

Wenzangu mnaoandika programu za maduka, ombi langu ni moja. Kando ya safu ya wastani, ongezeni safu nyingine nyembamba yenye namba moja: siku ngapi bidhaa ilikuwa rafuni. Haihitaji hesabu ya juu, stoki ya kila usiku mnayo tayari kwenye hifadhidata. Na nyie wenye maduka ambao safu hiyo hamjaipata, Jumapili hii kabla ya kuagiza, tafuteni bidhaa moja ambayo mauzo yake ya kila wiki ni sawasawa na oda yenu ya kila wiki. Ongezeni katoni moja, kisha mtazame Jumanne usiku kama imebaki hata chupa moja.